‘Hiyo siyo hadithi yangu’: Namna ya kutafsiri ngano ya bibi bila kupoteza kiitikio

Muleba. Jioni moja ya Desemba, wajukuu sita walikaa kwenye mkeka katika nyumba ya bibi yao huko Kamachumu. Wanne kati yao walikuwa wametoka Dar es Salaam kwa likizo na hawasikii Kihaya. Shangazi yao, mwalimu wa shule ya msingi mjini Bukoba, alikuwa na karatasi mbili mkononi. Alikuwa ameirekodi hadithi ya mama yake kwa simu, akaitafsiri kwa Kiswahili, na sasa alitaka kuwasomea.

Alisoma kwa dakika mbili, akamaliza. Watoto walinyamaza. Mmoja akauliza, “Shangazi, imeisha?” Bibi, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, akaweka kisu chini.

“Mwanangu, hiyo siyo hadithi yangu,” alisema. “Hiyo ni habari yake.”

Mwalimu alikasirika kidogo, kisha akatulia. Alijua kuwa hakuacha tukio lolote, kwani mtoto alikuwemo, mama alikuwemo na mvua ilikuwemo. Lakini hadithi ambayo bibi huisimulia kwa robo saa ilikuwa imesomwa kwa dakika mbili, na hakuna mtoto aliyefungua mdomo. Bibi anapoisimulia mwenyewe, nyumba nzima huitikia.

Familia nyingi za Bukoba na Muleba ziko katika hali hiyo. Bibi na babu bado wana ngano, wajukuu wanaokulia mijini wanajua Kiswahili tu, na mzazi aliye katikati ndiye mwenye lugha zote mbili. Simu ya kurekodi ipo. Kinachopotea ni sehemu ambayo msikilizaji anaitikia, mahali ambapo msimulizi ananyamaza, na sauti anayoibadilisha.

Ilivyokuwa hadithi yenyewe

Hadithi ya bibi ni fupi ukiitaja kwa matukio. Mama anamwacha binti yake nyumbani na mtoto mchanga, anakwenda kuteka maji. Wingu linakusanyika. Binti anasimama mlangoni na kuimba akimwita mama. Mara ya kwanza mama bado yuko kwenye kibanja, katikati ya migomba, naye anajibu. Mara ya pili ameshafika rweya, kule kwenye nyasi wazi, na jibu linasikika kwa mbali. Mara ya tatu yuko chini ziwani, upepo unavuma, wala hakuna jibu.

Kwenye karatasi ya kwanza mwalimu aliandika hivi: “Binti alimwita mama yake mara tatu, na hatimaye mama akasikia akarudi.” Sentensi hiyo haina uongo, ila imemeza hadithi nzima.

Kwa Kihaya, wito wa binti ni mistari miwili mifupi. Wa kwanza ni *Mawe, ija*, yaani mama, njoo. Wa pili unasema mvua inakuja: *Enjura neija*. Bibi huimba kila mstari, na wasikilizaji huurudia. Mwalimu alipokuwa akinakili sauti kutoka kwenye simu, aliandika mistari hiyo mara ya kwanza, na mara ya pili na ya tatu akaandika tu “kiitikio”. Aliona ni kujirudia, akaokoa wino.

Baada ya maneno ya bibi alirudi kwenye simu na kuandika kila kitu, neno kwa neno, hata yale yaliyojirudia. Hapo ndipo alipogundua kuwa mara ya tatu bibi haimbi *neija*. Anaimba *Enjura yaija*: mvua imekwisha kuja. Silabi moja tu imebadilika, lakini silabi hiyo ndiyo inayomwambia msikilizaji kuwa muda umekwisha. Watoto wanaosikia Kihaya huipokea bila kuelezwa, na sauti zao hupanda zenyewe.

Ngano nyingi zenye wimbo ndani yake hujengwa hivi. Kiitikio hurudi kilekile mpaka msikilizaji akizoee, halafu neno moja linageuka, na kwa kuwa kimezoeleka, mgeuko unasikika mara moja. Anayeandika “kiitikio mara tatu” hawezi kuuona mgeuko huo, na atakayesoma kazi yake hataujua kamwe. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kunakili ni kuandika kila marudio kwa ukamilifu, hata kama unaona ni yaleyale. Kufupisha, kama ni lazima, kuje mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha kuwa hakuna kilichobadilika.

Kurekodi kunahitaji wasikilizaji

Mwalimu alikuwa na kosa jingine la mwanzo. Rekodi yake ya kwanza aliifanya mchana, yeye na mama yake peke yao, simu ikiwa mezani. Bibi hakuwa na wa kumwitikia. Aliimba wito mara moja, akasema “basi wanaitikia hapo,” akaendelea. Msimulizi aliyewekwa mbele ya kifaa bila wasikilizaji hufupisha, kwa sababu nusu ya kazi hiyo si yake.

Rekodi ya pili ilifanyika usiku, baada ya chakula, watoto wa jirani wanaojua Kihaya wakiwa wamekaa pamoja na wajukuu. Simu iliwekwa juu ya kanga iliyokunjwa ili isidake mtikisiko wa sakafu, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa bibi, ikiwa kwenye hali ya ndegeni ili isiite katikati. Watoto hawakuambiwa wanyamaze. Kelele zao zilikuwa sehemu ya kinachorekodiwa.

Mwalimu mwenyewe alikaa na daftari. Hakuandika maneno, kwa kuwa simu ilikuwa ikiyachukua. Aliandika yale ambayo simu haioni: bibi amegeukia mlango, bibi ameweka mkono sikioni, bibi amemtazama mtoto mkubwa na kunyamaza. Yasipoandikwa usiku uleule, husahaulika. Kesho yake ukisikiliza rekodi utakuta kimya cha sekunde kadhaa na hutajua kilikuwa cha nini.

Kimya hicho ndicho kilichokuwa moyo wa hadithi. Mara ya tatu, mama asipojibu, bibi hunyamaza na kuwatazama watoto. Wanaojua hadithi hupaza sauti wote na kujibu kwa niaba ya mama. Wakishajibu, bibi husema kuwa upepo wa ziwani ulibeba sauti ile mpaka kwa mama, naye akageuka. Wasipojibu, bibi huimba tena, na husema maji yameanza kuingia mlangoni. Binti huyo anaokolewa na wasikilizaji. Katika karatasi ya kwanza, watoto wa Dar es Salaam walikaa kimya kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kuwa hapo ni zamu yao.

Maneno yanayofanana, maana mbalimbali

Kihaya na Kiswahili ni lugha za Kibantu na zina maneno mengi yanayokaribiana. Ukaribu huo ni mtego. *Mawe* ya Kihaya ni mama, na masikio ya Kiswahili yanasikia mawe ya kujengea. Ukiacha *Mawe, ija* kama ilivyo bila kueleza, mtoto wa Dar es Salaam atafikiri binti anaita mawe yaje.

Neno *nyoko* ni hatari zaidi. Katika Kihaya ni “mama yako”, neno la kawaida la nyumbani. Katika Kiswahili ni tusi. Katika hadithi ya bibi kuna jirani anayemuuliza binti aliko *nyoko*, na watoto wa mjini walicheka na kutazamana. Hapo hakuna mjadala: andika “mama yako” na uendelee.

Kisha kuna *eego*, jibu la mama kutoka mbali. Kamusi itakupa “ndiyo”. Lakini Kiswahili kina ndiyo ya anayeulizwa na kina jibu la anayeitwa. Mtu akiitwa hajibu “ndiyo”, hujibu “naam”, na mwanamke mara nyingi “abee”. Abee ina unyenyekevu wa mdogo kwa mkubwa, na hapa mama anamjibu mtoto wake. Mwalimu alichagua “Naam, mwanangu”.

Kiitikio kipimwe kwa makofi

Kwa maneno ya kusimulia, tafsiri nzuri ni ile inayoeleweka. Kwa kiitikio kuna sharti jingine: watoto sita waweze kukiimba pamoja kwa mara ya kwanza bila kujikwaa. Njia rahisi ya kupima ni kuhesabu silabi za asili, kisha kupiga makofi huku ukiimba tafsiri.

*Mawe, ija* ina silabi nne: ma-we-i-ja. Tafsiri ya kwanza ya mwalimu ilikuwa “Mama yangu, njoo hapa”. Maana ni sahihi, lakini silabi ni nane, na watoto wadogo walikuwa bado wanasema “hapa” wakati bibi ameshaanza mstari unaofuata. Mtoto mdogo akichelewa kila mara mahali palepale, kosa si la mtoto, mstari ni mrefu.

Alijaribu “Mama, rudi”. Silabi ni nne, na kwa maana inafaa zaidi kwa sababu mama ameondoka na anatakiwa arudi. Lakini bibi huvuta sauti mwishoni mwa wito, kama mtu anayeita ng’ambo ya bonde. “Rudi” inaishia na *i*, na *i* inafunga mdomo. Ivute kwa nguvu na utasikia inakuwa mlio mwembamba. “Njoo” inaishia wazi na inavutika mpaka pumzi iishe. Ikabaki “Mama, njoo”.

Kwa mstari wa pili, *Enjura neija* ikawa “Mvua yaja ee”. Hiyo “ee” ya mwisho haina maana yoyote. Inajaza pigo ambalo lingebaki tupu, na Kiswahili kimezoea kufanya hivyo katika nyimbo. Kwa mara ya tatu, *Enjura yaija*, alihitaji mstari wa urefu uleule unaosema kuwa sasa imefika. “Mvua imeshafika” ilizidi. “Mvua hii hapa” iliingia, “hii” ikiimbwa kwa pigo moja, na kila aliyesikia alielewa kuwa hali imebadilika.

Hapo kuna kitu ambacho hakikuvuka. Kihaya ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, na wimbo wa bibi unafuata mwendo huo kwa kiasi. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka maneno ya Kiswahili juu ya wimbo wa Kihaya, kuna mahali sauti itapanda kwenye silabi isiyotaka kupanda. Mwalimu aliposikia neno limepindika mpaka halieleweki, alibadilisha neno. Lilipopindika kidogo tu, aliliacha. Bibi alikubali wimbo wake ulegezwe kidogo, lakini hakukubali ubadilishwe.

Si kila kiitikio kinapaswa kutafsiriwa. Sauti zisizo na maana, kama mlio wa ndege au mdundo wa ngoma unaotamkwa kwa mdomo, huachwa kama zilivyo. Kiitikio chenye maana ambacho watoto wanakipenda kwa Kihaya kinaweza kubaki vilevile pia, mradi maana yake itajwe mara moja na mhusika ndani ya hadithi, kabla ya kuimbwa. Maelezo yaliyowekwa chini ya ukurasa hayamsaidii mtoto anayesikiliza.

Mlango wa kuingilia hadithi

Mwalimu alikuwa ameanza karatasi yake na “Paukwa! Pakawa!”, kwa kuwa ndiyo watoto wanayoijua shuleni. Bibi haanzi hivyo. Ngano za Kihaya zina mwanzo wake wa kupokezana, ambapo msimulizi anadai kuwa alikuja akaona, na wasikilizaji wanamtaka aone ili nao waone. Mwanzo huo ndio uliompa jina kitabu cha ngano za Wahaya kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1980, *See So That We May See*, cha mtafiti Mmarekani Peter Seitel, kutokana na masimulizi yaliyorekodiwa na yeye na Sheila Dauer. Jina la kitabu ni jibu la wasikilizaji.

Tofauti ya milango hiyo miwili si ndogo. Katika mwanzo wa Kiswahili wa “Hadithi, hadithi”, jibu huiita hadithi pamoja na uongo, kwa hiyo wote wanajua kuwa wanaingia kwenye ya kubuni. Mwanzo wa Kihaya unamfanya msimulizi kuwa shahidi na msikilizaji kuwa mtu anayetaka kuona kupitia macho yake. Kwa hadithi ambayo mwishowe wasikilizaji wanamwokoa binti, mwanzo huo unafaa zaidi. Mwalimu aliondoa Paukwa akatafsiri maana ya mwanzo wa bibi.

Kuandika sauti kwenye ukurasa

Swali la mwisho lilikuwa namna ya kuonyesha kimya, kelele na ishara kwa maandishi. Mwaka 1972 Mmarekani Dennis Tedlock alichapisha masimulizi ya Wazuni wa New Mexico kwa njia iliyofuatwa na wengi baadaye. Alikata mstari kila msimulizi alipotua, akaweka nukta peke yake kwenye mstari kwa kimya kirefu, akaandika kwa herufi kubwa maneno yaliyopazwa na kwa herufi ndogo zaidi yaliyosemwa kwa sauti ya chini. Msomaji akifuata alama hizo kwa sauti, hadithi hurudi karibu na ilivyosimuliwa.

Familia haihitaji alama nyingi. Mwalimu alitumia nne tu: jina la anayesema mwanzoni mwa mstari, mstari mpya kwa kila pumzi, herufi kubwa kwa sauti ya juu, na mabano kwa ishara na kimya. Hakuweka safu mbili za Kihaya na Kiswahili pembeni kwa pembeni, kwa sababu kwenye skrini ya simu safu hukatika na majibu hukaa mbele ya maneno yasiyo yake. Sehemu ya tatu ya wito ikawa hivi:

BIBI: Akasimama mlangoni.
BIBI: Wingu limefika juu ya paa.
(mkono sikioni, anageukia mlango)
BIBI: Mama, njoo!
WOTE: Mama, njoo!
BIBI: MVUA HII HAPA!
WOTE: MVUA HII HAPA!
(kimya, anawatazama watoto, hasemi kitu mpaka wajibu)
WOTE: Naam, mwanangu!
BIBI: Upepo ukaibeba sauti ile.

Mstari wa mabano wenye neno “mpaka wajibu” ndio unaomzuia msomaji asiharakishe. Bila huo, mzazi atakayesoma mwaka kesho ataona pengo, atadhani ni kosa la uchapaji, na atapita.

Nakala ya Kihaya iliwekwa ukurasa wake, mistari ikiwa na namba zilezile za tafsiri. Maneno yaliandikwa kama bibi alivyoyatamka, hata pale ambapo mume wa mwalimu, mtu wa Kiziba, alisema kwao hutamkwa vingine. Juu ya ukurasa liliandikwa jina la bibi, kijiji na tarehe. Kabla ya kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, bibi aliulizwa kama anaruhusu. Aliruhusu kwa ukoo, si zaidi. WhatsApp hukoleza maneno yanayowekwa kati ya nyota mbili, kama *WOTE*, na hivyo zamu ya watoto inaonekana hata kwa anayesoma haraka.

Usiku wa pili

Siku mbili kabla wajukuu hawajarudi Dar es Salaam, mwalimu alisoma tena. Safari hii bibi aliketi kwenye kiti, mikono mitupu. Watoto walijifunza kiitikio kwa mara mbili tu. Mara ya kwanza ya wito waliimba kwa aibu. Mara ya pili waliimba vizuri. Mara ya tatu mwalimu alisoma “Mvua hii hapa”, nao wakairudia, kisha akanyamaza kama karatasi ilivyomwelekeza, akawatazama.

Hakuna aliyejibu. Kimya kilikuwa kirefu. Mwalimu alikuwa karibu kuwaambia la kufanya, lakini bibi akainua kidole kumzuia. Ndipo mjukuu mdogo kuliko wote, wa miaka mitano, akapaza sauti peke yake, “Naam, mwanangu!” na wengine wakamfuata.

“Sasa,” bibi alisema, “amesikia.”

Asubuhi yake mtoto huyo alimuuliza bibi kama anazo nyingine. Bibi akamjibu kuwa anazo, ila zina nyimbo ndefu, na akamwambia shangazi yake aichaji simu.